Umetegi Mbogi Yote Kwa Picha ya Dunga? Hebu Tuongee Kwanza

Skia. Jumamosi jioni Dunga, jua linazama, ziwa limekuwa rangi ya machungwa, na wewe na mbogi yako mmetoka kupiga picha moto sana. Jumapili asubuhi unaposti. Kila msee aliyekuwa kwa ile boti unamtupia tegi, unaweka simu kwa chaji, unalala tena. Ukiamka saa sita, mpiga picha amenuna. Dem aliyevaa nguo zako amejitoa kwa tegi bila kukuambia kitu. Mwenye boti naye anapigiwa simu na watu hawajui, wanauliza bei.

Unajiuliza, kwani nimekosea wapi? Si niliwapea heshima zao?

Ndio, ulitaka kuwapea heshima. Lakini jina la mtu ukilibandika kwa posti ya biashara unakuwa umeamua vitu kadhaa kwa niaba yake: nani atamwona, atahusishwa na nani, na nani atamtafuta kesho. Huo uamuzi ni wake. Na hapa Kenya mambo yameshatoka kiwango cha kununiana, yamefika kiwango cha faini za mamilioni. Tutafika hapo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, ju wengi wetu tunasema "nimekutegi" tukimaanisha mambo matatu tofauti. Nitatumia Instagram, ju ndio wasee wengi wa nguo, mekapu na picha hapa Kisumu hutafutia wateja.

Kumtaja mtu ni kuandika jina la akaunti yake na ile alama ya @ ndani ya kapsheni. Anapata arifa, na anayesoma anaweza kubonyeza jina akafika kwake. Basi. Profaili yake haibadiliki. Hii ndio njia nyepesi zaidi.

Kumtegi ni kuweka jina lake juu ya picha yenyewe. Hapa mambo ni mazito kidogo, ju hiyo picha inaenda kukaa kwa profaili yake, ile sehemu ya picha alizotegiwa. Mtu akiingia kwa ukurasa wake kumchunguza, labda mwajiri, labda mamake mkwe, anaipata hapo. Kama ameweka `Manually approve tags` kwa settings zake, haionekani kwake mpaka aikubali. Wengi hawajaweka.

Ya tatu ni kolabo, ile unabonyeza `Invite collaborators` kabla ya kuposti. Instagram waliileta kwa watu wote mwaka wa 2021. Unayemwalika akikubali, posti inakuwa yenu wote: inakaa kwa profaili zote mbili, wafuasi wake wanaiona kama yake, na laiki na komenti zinahesabiwa pamoja. Hii ni kama kuandika majina mawili kwa mlango wa duka. Uzuri wake ni kwamba lazima mwenzako akubali, app yenyewe inamuuliza. Ubaya wake ni kwamba watu hutuma huo mwaliko ghafla bin vuu, msee yuko kwa matatu ya Kondele, anaona arifa, anabonyeza tu "sawa" ju anaona aibu kukataa.

Sasa tuchukue hiyo picha ya Dunga tuipasue vizuri.

Tuseme una duka dogo la nguo hapa katikati ya tao. Umeleta magauni mapya, unataka picha. Umelipa mpiga picha. Umepata dem wa chuo wa kuvaa. Kuna msee wa mekapu amefanya kazi kwa bei ya urafiki, mkikubaliana kwamba utamtangaza. Mmekodi boti nusu saa. Na nyuma ya ile picha kali kuliko zote, pale ufuoni, kuna mama anapanga samaki na mtoto wake amesimama kando anaangalia kamera. Hao ni watu 7 ukijihesabu pamoja na mwenye boti, na hakuna wawili wanaotakiwa kufanyiwa kitu kimoja.

Mpiga picha anataka jina, hiyo sina wasiwasi nayo. Picha ndio kadi yake ya biashara. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema kitu ambacho wenye maduka wengi hawajui: ukimlipa mtu akupigie picha na hamjakubaliana vingine, hakimiliki inahesabiwa imekuja kwako uliyemwagiza. Lakini haki yake ya kutambuliwa kama aliyeipiga inabaki yake, hata picha ikishauzwa. Ana pia haki ya kupinga kazi yake ikivurugwa kwa njia ya kumharibia jina. Kwa hivyo ukichukua picha aliyokaa masaa akiisafisha rangi, ukaitupia filta mpaka ziwa likawa zambarau, halafu ukamtegi, hujamtangaza. Umemwaibisha mbele ya wateja wake. Mpiga picha mwenye jina atakwambia heri usingemtaja.

Je, umpe kolabo? Muulize. Wapiga picha wengi hupanga profaili yao kama onyesho la kazi, kila picha na mahali pake. Posti yako yenye maandishi makubwa "OFA! OFA!" ikitua katikati ya arusi zake, inaharibu mpango. Akisema anataka kutajwa tu kwa kapsheni, mtaje. Na usimtaje chini kabisa baada ya hashtegi zote ambapo hakuna macho yanafika. Mstari wa kwanza au wa pili unatosha. Kitu kama hiki:

```
Gauni jipya limefika dukani.
Picha: @akaunti_ya_mpiga_picha
Mekapu: @akaunti_ya_biashara_ya_mekapu
```

Kuna suala moja la kolabo watu hulipuuza mpaka siku linawauma. Anayeposti ndiye mwenye posti. Yule aliyealikwa anaweza kujitoa wakati wowote, lakini hawezi kubadilisha kapsheni, na mwenye posti akiifuta, imeenda kwa wote. Komenti zote, wateja wote waliouliza bei, kwisha. Kwa hivyo kama wewe ndiye umelipia kazi, posti itoke kwa akaunti ya duka, yeye ndiye aalikwe. Nimeona maduka yakifanya kinyume, wakikubali mpiga picha aposti ju ana wafuasi wengi. Miezi minne baadaye anasafisha ukurasa wake, anafuta kazi za zamani, na duka linapoteza posti yake iliyouza kuliko zote. Hakuna mbaya hapo. Ni kwamba hakuna aliyeuliza nani ataposti.

Na mkubaliane siku. Kama magauni yanazinduliwa Ijumaa, mpiga picha asitupe "kionjo" kwa Stori yake Jumatano. Hiyo meseji mnatumiana kabla ya kamera kutoka kwa begi.

Msee wa mekapu ni rahisi, ila jambo moja. Wengi wana akaunti 2: ya kazi na ya nyumbani. Ya nyumbani ina picha za harusi ya binamu na watoto wa dadake. Ukimtegi hiyo, umeleta wateja sebuleni. Usitafute jina lake mwenyewe kwa app, ju nukta moja au mstari wa chini mmoja unaweza kukupeleka kwa mtu mwingine kabisa, labda yuko Mombasa, anashangaa mbona anaulizwa bei ya mekapu ya Kisumu. Mwambie akutumie jina la akaunti anayotaka itumike. Unakopi, unabandika, umemaliza.

Mwenye boti sasa. Huyu labda hana Instagram kabisa, ako tu WhatsApp. Wewe kwa moyo safi unaandika namba yake ya simu kwa kapsheni ili apate kazi. Unaeza kuwa umemsaidia. Unaeza pia kuwa umeweka namba ambayo amesajilia pesa zake za simu mbele ya kila mkora wa mtandaoni. Kuna waendesha boti watakushukuru, erokamano mingi, na kuna wengine wana namba ya wateja tofauti na ya nyumbani. Swali ni fupi: "Jaduong', nikiweka namba yako hapa watu wakupigie, ni sawa? Niweke gani?" Kama ni kijana rika lako, "omera" inatosha. Asipotaka, andika jina la boti. Mara nyingi limeshaandikwa ubavuni kwa rangi kubwa, na atakayeenda Dunga ataliona.

Tumefika kwa dem aliyevaa gauni. Hapa ndio kuna kazi.

Alikubali kupigwa picha. Wasee wengi wanadhani hiyo "ndio" moja inafungua milango yote. Hapana. Kukubali kupigwa picha ni ndio ya kwanza. Kukubali uso wake utangaze duka lako ni ndio ya pili. Kukubali jina lake libandikwe, ili yeyote aliyependa gauni aweze kufika kwa akaunti yake na kumwandikia, ni ndio ya tatu. Anaweza kutoa mbili za kwanza akakataa ya tatu, na ana sababu zake. Labda ameshaandikishana na duka lingine kwamba kwa miezi 3 hatatangaza nguo za mtu mwingine. Labda kuna chali anamsumbua na hataki ajue yuko Kisumu wikendi hii. Labda babake ni mzee wa kanisa na yeye anajua namna ya kumwambia mwenyewe. Halazimiki hata kukueleza sababu.

Na tafadhali, usimuulize mbele ya mbogi yote kwa boti, upepo ukivuma, kila mtu akimwangalia. Hapo atasema sawa ju ya kusema sawa. Mtumie meseji baadaye, na umtumie picha yenyewe, ile utakayoposti, si "zile za jana". Mfano: "Niaje. Nataka kuposti hizi picha 3 kwa ukurasa wa duka Ijumaa saa moja jioni, kutangaza magauni. Nikutegi, nikutaje kwa kapsheni tu, au nisiweke jina? Yoyote ni sawa na mimi. Kama kuna picha hupendi niambie niitoe." Soma hiyo tena uone imefanya nini: amejua picha gani, wapi, lini, ya nini, na amepewa njia ya kukataa bila kujieleza.

Asipojibu? Kimya si ndio. Unaeza mkumbusha mara moja. Ikifika Ijumaa saa moja na bado kimya, posti picha ya gauni likiwa limetundikwa, au picha isiyomwonyesha. Najua, si kali kama ile nyingine. Ndio hivyo.

Hiyo meseji usiifute, na hapa sasa ndio mambo ya sheria yanaingia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kama data yake binafsi. Ukitaka kuitumia kibiashara, kifungu cha 37 kinataka idhini ya wazi kutoka kwake. Na kifungu cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha kwamba alikubali ni wako wewe uliyeitumia. Yaani yeye hahitaji kuthibitisha kwamba alikataa. Wewe ndiye utaulizwa, "Iko wapi?" Kumbuka "sawa" ya kwa boti hairekodiwi popote.

Kama unadhani hizi ni stori za jaba, angalia kilichotokea. Desemba 2022, Ofisi ya Kamishna wa Data, ikiongozwa na Immaculate Kassait, iliipiga Oppo Kenya faini ya Sh5,000,000. Ilianza na mtu mmoja kulalamika kwamba picha yake imetumika kwa Instagram ya kampuni bila idhini yake. Septemba 2023 ikaja zamu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi, Sh1,850,000, ju ya kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujivinjari, bila ruhusa. Wewe mwenye klabu hapa Kisumu unayemtuma kijana na kamera kila Ijumaa usiku, halafu Jumamosi unatupa picha 60 na kuwaambia watu "jitegini", hiyo kesi inakuhusu moja kwa moja. Siku ile ile Shule ya Roma, Uthiru, ilipigwa Sh4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Sasa rudi kwa ile picha ya Dunga umwangalie yule mtoto nyuma. Hakuna aliyemwona siku ile, nyote mlikuwa mnaangalia gauni. Uso wake unaonekana vizuri, na posti ni ya kuuza nguo. Mtoto hawezi kukupa idhini, ni mzazi. Mzazi yuko pale pale kando yake na samaki, kwa hivyo ungemwamkia vizuri, "Mathee, tunapiga picha za duka, wewe na mtoto mko nyuma kidogo, ni sawa au tugeuke upande ule?" Akisema mgeuke, mnageuka. Kama umeshafika nyumbani ndio ukagundua, kata picha au fifisha uso. Usianze kumtafuta nani anamjua yule mama ili umtegi.

Wacha niwatulize kidogo pia. Sheria hiyo inaacha nje mambo ya kibinafsi na ya nyumbani. Ukiposti picha ya birthday ya beste yako mkila samaki, kwa akaunti yako ya kawaida, Kamishna hana haja na wewe. Hapo ni tabia tu. Mradi ukurasa unauza kitu, au umelipwa, au unatafutia brandi macho, usijifiche nyuma ya "ni marafiki tu".

Na kwa wapenzi, neno moja: kama mtu wako hajawahi kukuweka kwa ukurasa wake, usitumie kolabo kumtangaza kwa mji mzima. Mwaliko ukikaa wiki bila kujibiwa, umejibiwa.

Upande mwingine wa shilingi ni kutegi watu ambao hawakufanya kazi yoyote. Picha moja ya Instagram inabeba tegi 20, na kuna wasee huzijaza zote: kampuni ya soda, redio tatu, msanii mkubwa, ukurasa wa utalii, gavana. Wanaita mbinu. Kampuni ikitegiwa na watu wasioijua kila siku, hujifunza kukupuuza, au inafunga tegi kabisa. Kibaya zaidi, wafuasi wako wanadhani umedhaminiwa. Siku ukidhaminiwa kweli hakuna atakayeamini.

Ukidhaminiwa kweli, hata kama hukupewa ganji bali gauni la bure au usiku mmoja wa bure kwa hoteli kule Rusinga, Instagram wanataka uwashe `Add paid partnership label`. Kwao, chochote chenye thamani ulichopewa ili uposti kinahesabika. Kutegi hoteli peke yake hakutoshi, ju anayesoma hajui kama ulilipa au ulilipiwa. Waulize pia hoteli wanataka itajwe akaunti gani na kama wanataka kuona posti kabla. Hiyo haimaanishi waandike kapsheni yako.

Tumalize na yule dem aliyejitoa. Ameingia kwa picha, amebonyeza jina lake, akachagua `Remove me from post`. Wewe hutumiwi tangazo lolote kubwa, unaona tu jina halipo. Ukiona hivyo, usimtegi tena ukidhani ni hitilafu ya app. Na elewa kwamba kujitoa kwa tegi kunaondoa jina tu, picha bado iko kwa ukurasa wako na uso wake bado unauza gauni. Kwa hivyo mwandikie kando, si kwa komenti: "Nimeona umejitoa kwa tegi, hakuna shida. Picha yenyewe ibaki ama niitoe?"

Akisema itoe, itoe, hata kama wiki iliyopita alikubali. Sheria inamruhusu kubadilisha nia wakati wowote. Kule kubadilisha hakufanyi posti yako ya siku zile alizokubali iwe kosa, lakini kuanzia sasa huna ruhusa tena. Itoe pia kwa Facebook kama ulikuwa umeunganisha akaunti, kwa Status ya WhatsApp, na kwa ile bango la ofa ulilotengenezea picha hiyo hiyo. Kama mpiga picha na msee wa mekapu walishaiposti kwao, wewe ndiye uliyewapa, kwa hivyo wewe ndiye utawapigia kuwaambia. Na kama dem aliambiwa atalipwa kwa kazi ya Jumamosi, bado anadai. Kufuta picha hakufuti deni.